Deni na Wakati

Wakati hauandikwi katika ankara, walakini hakuna bidhaa iuzwayo kwa mkopo ambayo wakati haumo ndani yake. Muuzaji ampaye mnunuzi mbao leo, akakubali kulipwa baada ya siku 30, ameuza vitu viwili: mbao na siku 30. Mbao zina bei yake, na siku zile 30 zimekwisha tiwa katika bei hiyo kwa hiari ya wote wawili. Lakini siku ya 31 haikuuzwa. Mnunuzi akiichukua siku hiyo, na ile inayoifuata, na mia nyingine nyuma yake, huwa amechukua mali ya mtu bila ya mapatano. Wahenga wamesema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ile ikicheleweshwa hupungua nguvu kiasi gani, wala mgonjwa ni nani katika muda wote wa kungoja. Nataka kusema habari hiyo hapa.

Nimekuwa karani wa wakili mjini Mombasa kwa miaka zaidi ya ishirini. Kazi yangu ni kuandika madai, kuchukua karatasi mahakamani, kupeleka samansi na amri kwa watu wasiopenda kuzipokea, na kupiga hesabu za riba. Katika miaka hiyo nimeona watu wengi wakishinda kesi na wachache wakilipwa. Mwanzoni tofauti hii ilinishangaza. Baadaye nilifahamu kuwa ushindi na malipo ni safari mbili mbalimbali, na kwamba katika safari zote mbili adui wa mdai ni mmoja, nao ni wakati. Nitaeleza kesi moja tu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila jambo ambalo msomaji angehitaji kulijua. Majina ya wenyewe nayaacha, maana hayaongezi maana.

Mdai alikuwa mzee wa Mji wa Kale, mfanya biashara ya mbao. Alizinunua Mafinga, katika nyanda za juu za Tanzania, akazileta Mombasa kwa malori yake mawili. Mdaiwa alikuwa mjenzi aliyefanya kazi peke yake chini ya jina la biashara lililosajiliwa. Walikuwa wameuziana kwa miaka mitatu bila ya neno. Mwanzo wa mwaka 2018 mjenzi alichukua mbao za shilingi 1,800,000, akatia sahihi hati ya kupokelea mali, na siku ya kulipa ikawa tarehe 1 Machi. Siku ile ilipita. Mjenzi aliulizwa, akajibu kwa barua yenye adabu kwamba deni analikubali, ila anangoja kulipwa yeye mwenyewe. Alizidi kungoja, na mzee akazidi kungoja nyuma yake. Lakini watu wa Mafinga hawakungoja. Kabla mwaka haujatoka mzee aliuza lori moja ili awalipe, na dereva wake wa miaka tisa akaenda kutafuta kazi kwingine. Hilo ndilo umbo la deni lililochelewa: mwenye kudaiwa husimama palepale, na mwenye kudai huenda akiuza vyombo vyake.

Kwa bahati njema, hati za mzee zilikuwa na sentensi moja chini, juu kidogo ya mahali pa sahihi. Mwanawe ndiye aliyeagiza ipigwe chapa miaka kadhaa nyuma. Ilisema kwamba fedha ambazo hazikulipwa baada ya siku 30 zitaongezwa asilimia 1.5 kwa kila mwezi wa kuchelewa. Sentensi ile ilikuwa na thamani kubwa kuliko mzee alivyojua, nami nitasema kwa nini.

Nchini Kenya riba ya deni la biashara hugawanywa katika nyakati tatu. Wakati wa kwanza huanza siku deni lilipoiva hadi siku kesi inapofunguliwa. Wakati wa pili ni tangu kufunguliwa kesi hadi hukumu, na wa tatu ni tangu hukumu hadi siku ya malipo. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai humpa hakimu uwezo wa kukadiria riba ya wakati wa pili na wa tatu kwa kiasi anachokiona ni cha haki. Katika wakati wa kwanza hana uwezo huo. Riba ya wakati wa kwanza ni haki ambayo mdai lazima aje nayo mwenyewe mkononi: ama kwa mapatano, ama kwa desturi ya biashara iliyothibitishwa, ama kwa sheria nyingine inayoitaja. Uingereza Bunge lilijaza pengo hilo kwa sheria ya mwaka 1998, ambayo humpa mfanya biashara anayemdai mfanya biashara mwenziwe asilimia 8 kwa mwaka juu ya kiwango cha Benki Kuu yao, hata kama mkataba haukunena lolote juu ya riba. Sisi hatuna kifungu cha namna hiyo katika Sheria yetu ya Mwenendo wa Madai. Kwetu anayenyamaza katika mkataba amezitoa sadaka siku zote zilizotangulia kesi.

Tena haitoshi sentensi kuwako. Lazima iwe mahali pake na kwa wakati wake. Ankara inayomfikia mnunuzi wiki moja baada ya mali kupokelewa haiwezi kuongeza sharti jipya juu ya mapatano yaliyokwisha. Wakili wa mjenzi alijaribu hoja hiyo. Tulimjibu kwa kuweka mezani hati za miaka mitatu, zote zina sentensi ileile, zote zina sahihi ya mteja wake, na kila sahihi ilitiwa mbao zikiwa bado juu ya lori. Kiasi pia kilitufaa. Asilimia 1.5 kwa mwezi ni 18 kwa mwaka, kadiri ambayo mfanya biashara anaweza kuitetea mbele ya hakimu kama gharama ya kukosa fedha zake. Ningalimwona mtu aliyeandika asilimia 10 kwa mwezi ningalimwonya kwamba mahakama itaiita adhabu, na adhabu iliyopangwa katika mkataba mahakama huikataa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Asilimia 1.5 ya shilingi 1,800,000 ni shilingi 27,000 kwa mwezi. Sentensi haikusema riba izae riba, kwa hiyo haikuzaa. Kila mwezi ulileta 27,000 zilezile. Kesi ilifunguliwa mwanzo wa Septemba 2018, miezi 6 baada ya deni kuiva. Miezi hiyo ilikuwa na shilingi 162,000, na hizo ndizo ambazo mzee angalizikosa kabisa kama hati zake zingalikuwa kimya.

Nilipompelekea mzee hesabu hii alikunja uso. Aliniambia, “Mwanangu, mimi sijala riba tangu nizaliwe. Futa mstari huo.” Nilimwambia, “Sheikh, mkono wangu hauwezi kufuta dai bila ya neno la Bwana Wakili.” Akaenda kwa wakili, nami nikiwapo. Wakili hakubishana naye juu ya dini. Alimwonyesha tu jambo la sheria: mahakama haimpi mtu asichokiomba, na mdai akikiacha leo hawezi kukirudia kesho, lakini akikiomba akapewa, ana hiari ya kukisamehe wakati wowote. “Sheikh,” alisema, “sikuombi ule. Nakuomba usimpe mdaiwa kabla hajaja kukuomba.” Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema mstari ubaki, yeye atajua la kufanya nao.

Nimelifikiri neno lile mara nyingi. Mtu akopeshaye fedha ili azae fedha, na mtu aliyenyimwa fedha zake zikazaa kwa mwingine, hawakusimama mahali pamoja, ijapokuwa sheria huwapa neno moja. Siingilii fatwa, maana si kazi yangu. Lakini najua kwamba mjenzi yule, kwa miezi yote ile, alikuwa akitumia shilingi 1,800,000 za mtu mwingine katika majengo yake, na bila ya riba fedha hizo zingalikuwa mkopo wa bei rahisi kuliko wote mjini. Anayeweza kukopa bure kwa kukaa kimya hana sababu ya kusema. Riba ya kuchelewa ni sauti inayomsemesha kila asubuhi.

Hukumu ilitoka tarehe 1 Julai 2019. Kwa kuwa mjenzi alikuwa amelikubali deni katika barua yake, hakimu hakuhitaji mashahidi wengi. Aliamuru shilingi 1,800,000 za mali na riba ya mapatano kwa miezi 16 iliyokuwa imepita tangu 1 Machi 2018, yaani shilingi 432,000. Jumla ikawa 2,232,000. Juu ya jumla hiyo aliweka riba ya asilimia 12 kwa mwaka tangu siku ile hadi malipo, ambayo ni shilingi 22,320 kwa mwezi. Gharama za kesi zilikadiriwa kuwa shilingi 168,000. Wakili wetu alikuwa ameiomba riba ya baada ya hukumu kwa maneno yaliyo wazi, na si bure. Hakimu asipotaja riba hiyo, kifungu cha 26 huhesabu kwamba ameamuru asilimia 6 tu kwa mwaka. Nusu ya haki ingalipotea kwa kusahau mstari mmoja.

Sasa msomaji atadhani safari imekwisha. Mzee naye alidhani hivyo. Alilichukua tamko la hukumu, akalikunja vizuri, akaliweka mfukoni kama mtu atiaye fedha. Hukumu si fedha. Hukumu ni ruhusa ya kwenda kuzitafuta fedha kwa nguvu ya dola, na ruhusa yetu ilianza kwa kuzuiwa siku 30, maana wakili wa mjenzi aliomba utekelezaji usimame muda huo, akapewa. Siku 30 ni nyingi kwa mtu mwenye kitabu cha hundi.

Mali ya mjenzi ilikuwa kidogo. Gari lilikuwa la benki, nyumba ilikuwa ya kupanga, na mashine za kuchanganyia zege zilikuwa za kukodi. Palipopita fedha zake palikuwa pamoja tu, benki. Kwa hiyo tuliamua kuzifuata huko. Hapa inafaa nieleze jambo ambalo watu wengi hawalijui, hata wale wanaoweka fedha benki kila mwezi.

Mtu akiweka shilingi benki, shilingi ile si yake tena. Imekuwa ya benki, nayo benki huitumia ipendavyo. Alichobaki nacho mwekaji ni deni: benki inadaiwa naye kiasi kile. Jambo hili liliamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 1848 katika kesi ya Foley dhidi ya Hill, na sheria yetu imejengwa juu ya msingi huo. Kwa hiyo anayetaka kuzikamata fedha za mdaiwa zilizo benki hapeleki dalali kufungua sanduku. Hakuna sanduku. Anachokamata ni deni ambalo benki inadaiwa na mdaiwa wake. Anaiambia mahakama: huyu mimi namdai haki yangu, naye anaidai benki haki yake, basi iamuru benki inilipe mimi badala ya kumlipa yeye.

Njia hiyo Bunge la Uingereza liliiingiza katika mahakama zake kuu kwa sheria ya mwaka 1854, nasi Kenya tunayo katika Agizo la 23 la Kanuni za Mwenendo wa Madai za mwaka 2010. Benki huitwa mtu wa tatu. Mwenye hukumu huenda mahakamani pasipo mdaiwa kuitwa, akiwa na hati ya kiapo inayosema kwamba hukumu iko, haijalipwa, kiasi fulani kimebaki, na benki fulani inadaiwa na mdaiwa. Hakimu akiridhika hutoa amri ya muda. Amri hiyo hupelekwa kwa benki si chini ya siku 7 kabla ya siku ya kusikilizwa, na mdaiwa naye hupewa nakala. Tangu dakika ile benki inapoipokea, deni limefungwa mikononi mwake. Siku ya kusikilizwa benki huja kusema kama inadaiwa ama haidaiwi, na kama hakuna pingamizi amri hufanywa ya mwisho.

Kutoka katika msingi ule wa mwaka 1848 hufuata mambo yote mengine, na anayeukumbuka haendi mbali akapotea. Ikiwa kinachokamatwa ni deni la benki, basi hukamatwa tu kile kinachodaiwa saa amri inapofika. Fedha zinazoingia kesho yake hazimo. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisema hivyo mwaka 1939 katika kesi ya Heppenstall dhidi ya Jackson. Amri ni picha, si mtego uliotegwa ukaachwa. Picha ikipigwa saa akaunti ni tupu, utupu ndio unaoonekana.

Picha yetu ya kwanza ilikuwa ya namna hiyo. Mwezi wa Agosti tulikwenda kwa benki iliyotajwa katika hundi ya zamani ya mjenzi. Benki ikajibu kwa kiapo kwamba mteja wake amevuta kupita akiba yake. Maana yake ni kwamba benki haikudaiwa na mjenzi. Mjenzi ndiye aliyedaiwa na benki. Hapakuwa na deni la kukamata. Tulipoteza ada, na kibaya zaidi, mjenzi alipata nakala yake akajua tunatembea njia gani.

Ikatubidi kujua wapi fedha zake zinapita kweli. Kanuni huruhusu mdaiwa kuitwa mahakamani kuulizwa kwa kiapo juu ya mali yake na watu anaowadai, na mara nyingi hiyo ni njia nzuri. Lakini humpa mdaiwa muda, na muda ndio aliokuwa akiutafuta. Tulifanya jambo lingine lisilo na gharama. Nilimwomba mzee taarifa za benki yake za miaka mitatu iliyopita, nikasoma kila mahali mjenzi alipomlipa zamani. Mara mbili katika mwaka 2017 malipo hayakuja kwa hundi. Yalihamishwa moja kwa moja kutoka benki nyingine, na jina la benki hiyo na la mwenye akaunti yalikuwa yameandikwa pale. Akaunti haikuwa kwa jina la biashara bali kwa jina lake mwenyewe, kwa majina matatu. Niliyaandika herufi kwa herufi. Benki inayopewa amri yenye jina pungufu ina haki ya kujibu kwamba haimjui mtu huyo, na majibu huchukua wiki.

Ikabaki saa. Mjenzi alikuwa akijenga mabweni ya shule ya watu binafsi, na dereva aliyebaki wa mzee alikuwa akipeleka mchanga hukohuko. Wafanya kazi wote wa mahali pale walijua kwamba shule hulipa mafundi wake Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Mwezi wa Septemba 2019 Alhamisi hiyo ilikuwa tarehe 26. Tuliomba amri katika wiki hiyo, tukaipata, na Ijumaa asubuhi, tarehe 27, nilikuwa nimesimama mlangoni mwa benki kabla haijafunguliwa. Amri ilipigwa muhuri saa 3 na dakika 20. Niliomba saa iandikwe pamoja na tarehe, nikaangalia ikiandikwa. Saa ile ndiyo picha.

Benki iliapa kwamba saa ile akaunti ilikuwa na shilingi 1,950,000. Kabla ya Alhamisi, tulikuja kujua, ilikuwa na shilingi 38,000. Walakini benki ilisema pia kwamba imemkopesha mjenzi, na kwamba mafungu ya mkopo ya shilingi 310,000 yalikuwa yamekwisha iva bila kulipwa kabla ya amri kufika. Iliomba ijikate kwanza. Mzee aliona huo ni ujanja, lakini haukuwa ujanja. Mwenye hukumu hupanda juu ya mgongo wa mdaiwa. Hapati zaidi ya vile ambavyo mdaiwa mwenyewe angaliweza kudai benki siku ile. Kama benki ingalimjibu mjenzi, “Toa kwanza mafungu yetu yaliyoiva,” basi inaweza kutujibu na sisi vivyo hivyo. Tulichokiangalia ni kimoja tu, kama mafungu yale yaliiva kabla ya saa 3 na dakika 20 ama baada yake. Yalikuwa yameiva kabla. Zikabaki shilingi 1,640,000.

Palikuwa na akaunti ya pili katika benki hiyohiyo, ya mjenzi pamoja na mkewe, na ndani yake mlikuwa na fedha za kutosha kumaliza deni lote. Hiyo hatukuigusa. Benki inadaiwa na watu wawili kwa pamoja, na deni la watu wawili haliwezi kukamatwa kulipa deni la mmoja. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua hivyo mwaka 1938, katika kesi ya Hirschorn dhidi ya Evans, na hiyo ilikuwa kesi ya mume na mke. Kwa sababu nyingine haziguswi fedha ambazo mdaiwa amezishika kwa amana ya mtu mwingine, na Sheria ya Kesi za Serikali hairuhusu njia hii itumiwe juu ya Serikali. Mipaka hii humkera mwenye hukumu, lakini ana faida gani mtu wa haki akijilipa kwa mali ya asiyemdai?

Amri ilifanywa ya mwisho, na tarehe 1 Novemba benki ililipa shilingi 1,640,000. Malipo ya namna hiyo huiweka benki huru: mjenzi hawezi kurudi kuidai shilingi zile, hata kama hukumu ingalitenguliwa baadaye. Na kama benki ingalinyamaza, isije wala isilipe, mahakama ingaliweza kuamuru utekelezaji juu ya benki yenyewe, kana kwamba yenyewe ndiyo iliyoshindwa kesi. Ndiyo sababu benki hujibu amri hizi haraka kuliko barua za wateja wao.

Tuliyagawa malipo kwa utaratibu. Riba ya miezi 4 tangu hukumu, shilingi 89,280, ilitolewa kwanza. Kisha gharama, 168,000. Zilizobaki, 1,382,720, zikapunguza jumla ya hukumu. Likasalia deni la shilingi 849,280, lenye riba ya karibu 8,500 kwa mwezi. Wenye haraka hukata mtaji kwanza, halafu hushangaa riba imekuwa yatima isiyo na mama wa kuizaa.

Nimeeleza mambo haya kama mtu anayesifu wembe wake. Lazima niseme na upande mwingine wa wembe. Jumamosi ile ya tarehe 28 mafundi kumi na mmoja wa mjenzi walikwenda kuchukua ujira wao, wakaambiwa kwamba benki imefunga. Hawakumkosea mzee, wala hawakuwahi kuona hati yake. Fedha tulizozikamata kwa haki zilikuwa, katika nia ya shule na katika matumaini yao, mishahara. Sheria haikuona hivyo, kwa kuwa zilipofika katika akaunti hazikuwa na jina la fundi yeyote. Zilikuwa deni la benki kwa mjenzi, basi. Sheria isingeweza kuona vinginevyo bila ya kila mdaiwa kuja na orodha ya mafundi. Lakini mimi nilikuwa nimewaona, maana mjenzi alikuja nao ofisini Jumatatu.

Mzee aliwasikiliza. Hakuiachia amri, na sikuona kwamba alipaswa kuiachia. Lori lake na dereva wake wa miaka tisa walikuwa wamekwenda kwa sababu ileile. Lakini malipo ya benki yalipoingia, alikubali deni lililosalia lilipwe kwa mafungu manne ya shilingi 212,320, moja kila mwezi, na riba ya tangu siku ile aisamehe yote, kwa sharti kwamba kila fungu lije kwa siku yake. Fungu moja likichelewa, msamaha ungevunjika na riba ingerudi kuhesabiwa tangu mwanzo. Mapatano yaliandikwa na kuwekwa mahakamani, yasibaki kuwa maneno ya mdomoni. Mafundi walilipwa na mjenzi, kutoka katika ile akaunti ya watu wawili ambayo sisi hatukuweza kuigusa. Mafungu yote manne yalikuja kwa siku zake. Mjenzi ambaye hakuweza kulipa kwa miezi 20 aliweza kulipa kwa miezi 4, wakati kila siku ilipokuwa na bei anayoijua na faida anayoiona.

Riba ambayo ilikuwa imekwisha kulipwa mzee aliitenga katika bahasha. Sehemu yake alifidia hasara ya lori, baada ya kuuliza wanavyuoni wake, iliyobaki aliitoa. Hakusema ameitoa wapi, wala sikumwuliza.

Mimi nimebaki na fikira moja. Mdaiwa mwenye kuchelewa hupata faida mbili katika wakati: hutumia fedha zisizo zake, na hupata nafasi ya kuziondoa zilizo zake pale zinapoonekana. Riba huiondoa faida ya kwanza, na amri inayofika pasipo hodi huiondoa ya pili. Riba huhesabu siku, kwa uvumilivu, kuanzia sentensi iliyotiwa sahihi mbao zikiwa bado juu ya lori. Amri huhesabu dakika. Aliye na moja bila ya nyingine ana nusu ya haki yake, na nusu ile nyingine mara nyingi imo katika karatasi zake mwenyewe, katika mstari mdogo wa taarifa ya benki ambao hajawahi kuusoma.